Kabla ya kuandika tangazo la tuisheni, mjue kwanza mzazi utakayemwandikia

Shule zinapokaribia kufunga, walimu wanaofundisha tuisheni huniuliza swali lilelile: "Niandike nini kwenye tangazo?" Nikiwaomba wanionyeshe la mwaka jana, karibu yote yanafanana. Tunafundisha masomo yote, kidato cha kwanza hadi cha sita, walimu wazoefu, bei nafuu, piga namba hii. Hakuna uongo humo, ila mzazi akilisoma haoni mahali palipomtaja yeye wala mtoto wake, kwa hiyo anapita.

Dawa yake ni kazi inayofanyika kabla ya kushika kalamu ya tangazo: wasifu wa mteja. Ni karatasi moja inayomweleza mzazi wa aina moja, yaani kilichomsukuma atafute mwalimu, alichojaribu kabla yako, anachokiogopa, na maneno anayoyatumia mwenyewe. Hapa nitakuonyesha namna ya kuitengeneza kwa mfano mmoja wa Dar es Salaam: mwalimu wa Hisabati anayefundisha wanafunzi wa Kidato cha Pili majumbani, maeneo ya Tabata. Mfano wenyewe nimeutunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wazazi wengi, na majina yote ni ya kubuni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Wazazi sita hadi wanane wa kuzungumza nao. Wanne wawe wamewahi kulipia tuisheni, kwako au kwa mwingine. Mmoja au wawili wawe waliouliza bei wakanyamaza. Ukimpata aliyeacha katikati, ni bora zaidi.
- Simu yako yenye meseji za zamani za wazazi. Usizifute.
- Daftari. Kila mzazi apate ukurasa wake.
- Majibu yako mwenyewe kwa mambo matatu: unapatikana saa ngapi, unaweza kusafiri hadi wapi, na chini ya kiasi gani hufundishi.
- Muda wa kama wiki moja, kwa sababu wazazi hawapatikani siku moja.

Hatua ya 1: Chagua darasa moja na somo moja

Hapa ndipo wengi wanagoma. Wanaona wakichagua darasa moja watapoteza wateja wa madarasa mengine. Lakini unachochagua ni mtu wa kumwandikia kwenye tangazo hili tu. Madarasa mengine utaendelea kuyafundisha kama kawaida.

Tazama jinsi wazazi wanavyotofautiana. Mzazi wa mtoto aliyemaliza darasa la saba kwenye shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili ana wasiwasi wa Kiingereza, maana Januari mtoto atakutana na masomo karibu yote kwa lugha hiyo. Mzazi wa Kidato cha Nne anawaza daraja na tahasusi ya Kidato cha Tano. Mzazi wa Kidato cha Pili ana jambo jingine kabisa: kuna mtihani wa taifa wa NECTA mwishoni mwa mwaka, na mtoto asipofikia kiwango anarudia kidato. Wazazi watatu, hofu tatu. Sentensi moja haiwezi kuwagusa wote.

Katika mfano wetu mwalimu anachagua Hisabati, Kidato cha Pili, wanafunzi wa shule za kutwa.

Hatua ya 2: Tenganisha anayetafuta, anayelipa na anayefundishwa

Kwenye biashara ya duka anayenunua mara nyingi ndiye anayetumia. Kwenye tuisheni sivyo. Mama anatafuta mwalimu, baba anatuma hela, mtoto ndiye anayekaa mezani, na wakati mwingine ada inatoka kwa mjomba au dada mkubwa aliye mkoa mwingine au nje ya nchi.

Andika majina ya wateja wako uliowahi kuwa nao, na mbele ya kila jina weka alama tatu: nani alikutumia meseji ya kwanza, nani alituma hela, nani angeweza kusema "basi" tuisheni ikasimama. Kisha andika wasifu wa yule aliyetuma meseji ya kwanza, kwa sababu ndiye atakayelisoma tangazo. Wale wengine watapata mistari michache chini ya karatasi.

Angalizo: usimchukue mwanafunzi kuwa mteja kwa sababu tu ndiye unayekaa naye kila siku. Yeye atakwambia anataka mwalimu asiye mkali. Hilo lina maana kubwa kwa ufundishaji wako, lakini siyo lililomfanya mama yake atafute namba yako saa tatu usiku.

Hatua ya 3: Fungua meseji za zamani

Rudi kwenye simu utafute meseji ya *kwanza* ya kila mzazi. Inakili kwenye daftari jinsi ilivyo, na makosa yake. Usiinyooshe lugha.

Kwa mfano: "Habari mwl, nimepewa namba yako na mama Brayan. Kijana wangu yupo form 2 hesabu zinamsumbua sana ila hasemi. Unafundisha bei gani na unafika Tabata Segerea?"

Meseji fupi hivyo imebeba mambo manne. Amefika kwako kwa kuelekezwa na mzazi mwenzake. Tatizo analiita "hesabu zinamsumbua". Hajasema "ufaulu hafifu". Neno "hasemi" linaonyesha kinachomuumiza: mtoto ananyamaza. Na amejumuisha bei na umbali kwenye swali moja, dalili kwamba hana njia nyingine ya kukulinganisha na walimu wengine. Pigia mstari maneno ya aina hii. Utayahitaji hatua ya sita.

Hatua ya 4: Zungumza nao, uulize yaliyotokea

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, usiiruke. Dakika 15 hadi 20 kwa kila mzazi zinatosha. Piga jioni au Jumapili mchana, si saa za kazi. Msalimie ipasavyo, umweleze kwamba humuuzii kitu, unataka kuelewa wazazi wanavyotafuta mwalimu, na uombe ruhusa ya kuandika.

Kanuni ni moja: uliza lililokwisha kutokea, usiulize angependa nini. Ukimuuliza mzazi "Ungependa mwalimu wa aina gani?" atajibu kwa adabu: mwenye uzoefu, mvumilivu, bei nzuri. Kila mzazi atasema hayo, na hakuna litakalokusaidia. Maswali yanayofaa ni haya:

1. Siku ulipoamua kutafuta mwalimu, kulikuwa kumetokea nini?
2. Kabla ya hapo mlikuwa mmejaribu nini?
3. Ulianza kumuuliza nani?
4. Kuna kitu kilikufanya usite?
5. Ulijuaje kwamba huyu mwalimu anafaa?
6. Sasa hivi unatambuaje kama tuisheni inasaidia?

Ukishauliza, nyamaza. Jibu la kwanza huwa jepesi, na la pili ndilo lenye nyama. Tazama mazungumzo haya:

"Shikamoo mama. Siku ulipoamua kumtafutia Nasra mwalimu, kulikuwa kumetokea nini?"

"Marahaba. Aaa, matokeo tu, mwalimu. Hesabu alipata kumi na nane."

"Hayo yalikuwa matokeo ya lini?"

"Ya mwezi wa sita."

"Na mwalimu ulimpata lini?"

"Mwezi wa nane… mwishoni."

"Hapo katikati ikawaje?"

"Baba yake alisema aongeze bidii. Tukampeleka kituo, wanakaa wengi, darasa limejaa. Siku moja nikachukua daftari lake la hesabu, nikakuta amenakili maswali tu. Kurasa na kurasa, maswali, majibu hakuna. Nikamuuliza, akaanza kulia. Usiku uleule nikampigia mama Brayan."

Kama mwalimu angeishia kwenye jibu la kwanza, angeandika kwamba mzazi anasukumwa na matokeo mabaya. Kumbe matokeo yalikaa zaidi ya miezi miwili bila mwalimu kutafutwa. Kilichomsimamisha mama huyu ni daftari lenye maswali matupu, pamoja na machozi ya mtoto. Na kumbe tuisheni alishailipia mara moja, ya kituo, ikashindikana kwa sababu ya wingi wa wanafunzi. Maswali mafupi ya "lini" na "ikawaje" ndiyo yaliyoyatoa hayo.

Swali la nne nalo lisikilize kwa makini. Mwalimu wetu ni mwanaume, na mama anarudi kutoka kazini saa moja jioni. Alipoulizwa kilichomfanya asite, kwanza alisema hela. Baada ya kimya kidogo akaongeza: "Na tena, unajua… binti yuko peke yake nyumbani mchana." Wazazi wengi hawalisemi hili moja kwa moja, hasa kwa mwalimu mwenyewe. Wanasema tu "tutakutafuta", wanapotea, na mwalimu anabaki akiamini bei ndiyo iliyomkimbiza mtu. Ukilisikia kutoka kwa wazazi wawili tu, lichukulie kuwa zito, kwa sababu wengine wengi wamelinyamazia. Lipokee bila kujitetea. Wanayo haki ya kuuliza.

Angalizo: haya ni mambo ya familia na ya mtoto mdogo. Daftari lako liwe siri. Jina la mtoto, shule yake, namba yake ya mtihani au picha ya matokeo yake visiingie kwenye wasifu wala kwenye tangazo bila ruhusa ya mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, mama akiona alama za binti yake zimezagaa kwenye makundi ya WhatsApp hatakupa mtoto tena.

Hatua ya 5: Tandaza kurasa, utafute yanayojirudia

Weka kurasa zote mezani. Pita na kalamu ya rangi ukitia alama kwenye vitu vitano: kilichomsukuma, alichojaribu, alichoogopa, kilichompa imani, na maneno yake mwenyewe.

Lililotajwa na wazazi watatu au zaidi kati ya sita liingie kwenye wasifu. La mzazi mmoja liweke pembeni hata kama linavutia, isipokuwa lile la usalama wa mtoto nililolieleza juu.

Usifanye wastani. Tuseme wazazi wanne wana watoto wanaopata chini ya 30, na wawili wana watoto wanaopata 70 wanaotaka kufika 90. Ukiwachanganya utapata mzazi wa mtoto mwenye 45 ambaye hukuzungumza naye kabisa. Hizo ni aina mbili. Chukua ile yenye wazazi wengi zaidi, nyingine isubiri karatasi yake.

Hatua ya 6: Andika wasifu kwenye karatasi moja

Mpe jina la kubuni, kwa sababu ni rahisi kumwandikia mama Nasra kuliko kuandikia "wazazi". Hivi ndivyo karatasi ya mwalimu wetu inavyosomeka:

> Mama Nasra, mzazi wa Kidato cha Pili, Tabata
>
> *Maisha yake:* Ameajiriwa dukani Kariakoo, anatoka nyumbani alfajiri, anarudi saa moja jioni. Simu anaishika kwenye daladala na tena baada ya saa tatu usiku. Mshahara unatoka mwisho wa mwezi.
>
> *Kilichomsukuma:* Aliyajua matokeo ya Juni, akasubiri. Alishtuka Agosti alipofungua daftari na kukuta maswali bila majibu. Anahesabu miezi iliyobaki kabla ya mtihani wa taifa, na anaogopa mtoto kurudia kidato.
>
> *Alichojaribu:* Kumwambia mtoto aongeze bidii. Kumpeleka kituo chenye wanafunzi wengi, ambako alikaa nyuma na hakuuliza swali.
>
> *Anachoogopa:* Kulipa mara ya pili bila mabadiliko. Mwalimu asiyemfahamu kuwa nyumbani na binti wakati hakuna mtu mzima.
>
> *Kinachompa imani:* Mzazi mwenzake aliyemtumia mwalimu huyo. Kuona daftari likisahihishwa kila wiki.
>
> *Maneno yake:* "Hesabu zinamsumbua." "Hasemi." "Anakaa nyuma." "Nisije nikalipa bure."
>
> *Baba:* Ndiye anayetuma hela. Anauliza kitu kimoja: itachukua muda gani?
>
> *Nasra:* Anaona aibu kuuliza mbele ya wenzake. Akichekwa mara moja, atakataa kuendelea.

Angalia visivyokuwemo. Hakuna umri kamili, hakuna kabila, hakuna chakula anachopenda wala vipindi vya televisheni anavyotazama. Kitu kinaingia kama kinabadilisha utakachoandika, mahali utakapokiweka au saa utakayokituma. Mshahara wa mwisho wa mwezi umeingia kwa sababu unaamua lini udai ada. Angekuwa mama wa biashara ya genge anayeshika hela kila siku, malipo ya wiki yangemfaa kuliko ya mwezi, na tangazo lingesema hivyo.

Angalizo: kila mstari uwe na mtu nyuma yake. Pitia karatasi ukijiuliza, "Hili nimelisikia kwa nani?" Ukikosa jibu, umelibuni. Lifute. Walimu wengi huandika "mzazi anataka mwalimu mwenye shahada" kwa sababu wao wanayo shahada. Katika mazungumzo ya mfano wetu hakuna mzazi hata mmoja aliyeuliza cheti.

Hatua ya 7: Ujaribu kabla ya kuutumia

Wasomee wazazi wawili ambao hukuwahoji, kisha uulize: "Unamfahamu mtu wa namna hii?" Akikujibu "Huyu si dada yangu kabisa!" na kuanza kukusimulia, umefika. Akisema "Ndiyo, wazazi ndivyo tulivyo", wasifu wako ni mpana mno. Rudi hatua ya tano.

Halafu ujibu maswali matatu kwa kutazama karatasi tu: Mama Nasra ataniona wapi? Ataniuliza nini kwanza? Kitu gani kitamfanya asome anyamaze? Kwa mfano wetu majibu yapo. Ataniona kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, baada ya saa tatu usiku, meseji ikiwa imetumwa na mzazi mwenzake. Atauliza bei na kama ninafika kwake. Atanyamaza nisipogusa suala la mtu mzima kuwepo nyumbani.

Hapo sasa kalamu ya tangazo inaweza kushikwa, na utaona sentensi zinajichuja zenyewe. "Walimu wazoefu" inatoka. Inaingia "Mtoto mmoja kwa kipindi, kwa hiyo hana wa kumwonea aibu." Inaingia pia "Nafundisha sebuleni, Jumamosi na Jumapili, mzazi au ndugu mkubwa akiwepo." Mwalimu alikuwa anafundisha hivyo siku zote, hakujua tu kwamba ni jambo la kutangaza.

Ukikwama

*Sina mteja hata mmoja.* Wahoji wazazi wanaolipia tuisheni kwa walimu wengine: majirani, mnaosali pamoja, wazazi wa shule ya mwanao. Maswali ni yaleyale. Usimseme vibaya mwalimu wao, maana utafunga mdomo wa unayemuuliza.

*Mzazi anajibu kwa ufupi, "nilitaka afaulu tu".* Mrudishe kwenye siku yenyewe. Ulikuwa wapi ulipopata matokeo? Ulimwambia nani kwanza? Akishaanza kusimulia siku, mengine yatakuja.

*Wote wanataja bei tu.* Uliza walilipa kiasi gani mara ya mwisho na kwa nini waliacha. Mara nyingi utakuta mzazi anayelalamikia 80,000 kwa mwezi alikwisha kulipa karibu kiasi hicho kituoni kwa miezi kadhaa bila kuona mabadiliko. Huyo anaogopa kupoteza, na tangazo lako linapaswa kumweleza atakachokiona ifikapo mwisho wa wiki ya pili. Ila kama kweli wote sita hawakuwahi kulipa kiasi unachotaka, unazungumza na wazazi ambao huduma yako haiwafai kwa bei hiyo. Fikiria kundi la watoto wanne, au utafute wazazi wengine.

*Kila mzazi kasema lake.* Hukuchagua darasa moja, au umechanganya wa shule za kutwa na wa bweni. Wazazi wa bweni wanatafuta mwalimu wa likizo tu, na hofu zao ni tofauti. Watenganishe, kisha uongeze mahojiano mawili au matatu kwenye kundi moja.

*Baba na mama wanapingana.* Andika yote mawili. Wasifu mkuu ubaki kwa aliyetuma meseji ya kwanza, na jibu la swali la mwingine liwe tayari kwa ajili ya simu ya pili, kwa sababu baba atapiga.

*Tangazo lilijibu vizuri, sasa kimya.* Tazama kalenda. Wasifu wa mama Nasra unafanya kazi kati ya Julai na Oktoba. Mtihani ukishafanyika, hofu ya kurudia kidato inageuka kuwa kusubiri matokeo, na Januari binti akiingia Kidato cha Tatu swali linakuwa masomo gani aendelee nayo. Wapigie simu wazazi watatu kati ya wale wale, uwaulize swali la kwanza upya, na uandike karatasi nyingine yenye tarehe juu.